Kaye ya tansio na sukari ya muzee nyumbani: namba isiyo na saa inaweza kudanganya

Kwenye familia moja ya hapa Fungurume, si mbali na barabara kubwa inayotoka Likasi kwenda Kolwezi, kulikuwa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mulango wa chumba. Juu yake mutu alikuwa ameandika kwa biki: 17/9, 190, 7.1, 158, 15/8. Hakuna tarehe, hakuna saa. Hakuna aliyejua tena ni namba gani ya tansio na ni namba gani ya sukari.

Namba hizo zilikuwa za Kambo wao, mama wa miaka 74, mwenye tansio na sukari kwa wakati mumoja. Mutoto wake anafanya kazi kwenye mine, wiki moja posti ya muchana, wiki nyingine posti ya usiku. Mukamwana anauzisha kwenye soko. Mujukuu wa miaka 15 ndiye anabaki na Kambo kisha masomo. Kila mumoja alikuwa anapima wakati anapata nafasi, lakini hakuna aliyejua mwenzake amekuta nini.

Siku moja mapile ya mashini yao ya sukari ikaisha. Mujukuu akaenda kuomba mashini ya jirani, iliyonunuliwa ngambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia. Akapima, ikaonyesha 7.1. Yeye alizoea kuona 130, 160, 180. Akakimbia kumuita mama yake: "Mama, kuya mbio! Sukari ya Kambo imeshuka mpaka saba!" Wakamukunywesha Kambo kikombe cha maji yenye sukari nyingi, kisha wakaongeza soda. Kesho yake asubuhi, mashini yao yenye mapile mapya ikaonyesha 231.

Kambo hakuwa amepungukiwa na sukari hata kidogo. Ile 7.1 ya mashini ya jirani ni sawa na 128 ya mashini yao. Familia ilituonyesha karatasi ile, na pia kaye waliyoanza kisha, na wakatuomba tusiandike majina yao. Kaye hiyo ndiyo tunaeleza hapa: namna ya kuichora, namna ya kuijaza, na namna ilivyomusaidia munganga kuona kitu ambacho hakuna mutu nyumbani aliyekuwa amekiona.

Kipimo kimoja, kiandikwe juu ya ukurasa

Mbele ya kuchora mustari wa kwanza, angalia mashini zako zinasema kwa kipimo gani.

Kwa upande wa sukari, hapa kwetu kuna namna tatu za kuandika kitu kimoja. Mashini nyingi za Kongo zinaonyesha mg/dL, yaani namba kubwa kama 126. Laboratware na waganga wa zamani wanapenda kusema kwa gramu ndani ya litre, na ile 126 inakuwa 1,26. Mashini zinazotoka Zambia na Afrika ya Kusini zinaonyesha mara nyingi mmol/L, na ile 126 inakuwa 7.0. Damu ni ileile, sukari ni ileile, ni kipimo tu kinachobadilika.

Ukikuta mmol/L kwenye ekra, zidisha namba hiyo mara 18 na utapata mg/dL. Kwa mufano 7.1 mara 18 ni 128. Ukikuta gramu, zidisha mara 100. Hatari kubwa iko ukikosea kwa upande mwingine: mashini ikionyesha 3.1 kwa mmol/L, hiyo ni 56, na ni sukari iliyoshuka kweli. Mutu anayefikiri "tatu ni kidogo kuliko saba, lakini jana ilikuwa saba na hakuna kitu kilifika" anaweza kumuacha muzee wake alale na asiamuke.

Kwa upande wa tansio iko vilevile. Munganga anasema "kumi na sita kwa tisa", mashini ya nyumbani inaonyesha SYS 160, DIA 90. Ni kitu kimoja, munganga ameondoa sifuri tu. Lakini SYS 168 ukiiandika 16 umepoteza sehemu yenye maana. Kwenye kaye, andika namba yote kama ekra inavyoionyesha.

Kwa hiyo mustari wa juu kabisa wa kila ukurasa uwe hivi: jina la mugonjwa, mwaka wa kuzaliwa, "tansio: mmHg", "sukari: mg/dL", mukono unaopimwa (kuume ao kushoto), na orodha ya dawa pamoja na saa za kuzimeza. Dawa ikibadilishwa, anza ukurasa mupya.

Saa iandikwe kama telefone inavyoonyesha

Hiki kinaonekana kitu kidogo, lakini kinaleta makosa mengi. Ndani ya muji kama Fungurume kuna watu waliotoka pande zote. Kuna wanaosema "saa moja ya asubuhi" wakitaka kusema 07:00, kama vile Kivu na Tanzania. Wengine wanahesabu kwa kifaransa, na kwao saa moja ni 01:00 ya usiku ao 13:00. Mukamwana akiandika "saa 12", na mume wake akirudi kutoka posti ya usiku, atasoma 12:00 ya muchana ao 06:00 ya asubuhi? Na kama ni saa ya dawa, kosa hilo linaweza kuleta dozi mara mbili.

Basi andika 06:15, 18:40, kama telefone inavyoonyesha. Na kama kuna ndugu anayefuata ugonjwa kutoka Kinshasa kwa telefone, kumbuka kwamba Kinshasa iko nyuma ya Lualaba kwa saa moja: ikiwa 08:00 hapa, kule ni 07:00. Kaye inafuata saa ya fasi mugonjwa anapolala.

Usitegemee sana saa iliyo ndani ya mashini yenyewe. Mashini nyingi, ukibadilisha mapile, zinarudi kwenye tarehe ya kutoka kwenye fabrike. Ukifungua kumbukumbu zake utakuta namba za mwezi huu zimeandikwa kama za miaka iliyopita.

Namna ya kupima tansio ili namba iwe ya kweli

Kambo alikuwa anapimwa akiwa amekaa chini kwenye mukeka, miguu imenyooshwa, mukono unaning'inia, na watu wanaongea naye. Namba zilikuwa zinapanda sana. Mambo yote hayo yanapandisha tansio: mugongo usiopata egemeo, kuongea, mukojo uliojaa, na zaidi mukono ulio chini ya moyo. Mukono ukishuka sentimetre 10 chini ya moyo, mashini inaongeza karibu 7 ao 8 bure.

Sasa wanafanya hivi. Kambo anaenda kwanza kukojoa. Anakaa kwenye kiti chenye kuegemea, miguu yote mbili chini, bila kupandisha muguu juu ya mwingine. Mukono unawekwa juu ya meza, na chini yake kitenge kilichokunjwa, mpaka kitambaa cha mashini kiwe sawa na moyo. Kitambaa kinafungwa kwenye ngozi, si juu ya pule. Anapumzika dakika 5 bila kuongea. Wanapima mara ya kwanza, wanangoja dakika moja, wanapima mara ya pili. Namba zote mbili zinaandikwa, hata kama ya kwanza haipendezi. Asubuhi inafanyika mbele ya dawa na mbele ya chai. Mangaribi inafanyika mbele ya kula.

Angalia pia ukubwa wa kitambaa. Vitambaa vingi vya kawaida vimeandikwa 22–32 cm, ndio kuzunguka kwa mukono vinaoweza kupima. Mama mwenye mukono munene akifungwa kitambaa hicho, tansio itaonekana juu kuliko ilivyo. Muzee aliyekonda sana, itaonekana chini. Chukua metre ya fundi wa nguo, pima katikati ya bega na kiwiko, halafu linganisha.

Pima mukono uleule kila siku. Mukono mumoja unaweza kuwa na tansio kubwa kuliko mwingine. Siku ya kwanza pima yote mbili, chagua ule wenye namba kubwa, uendelee nao.

Namna ya kupima sukari bila kuharibu bandeleti

Bandeleti njo bei kubwa ya kazi hii, kwa hiyo kila moja inapashwa kuleta jibu linalofaa.

Kitu cha kwanza ni kunawa mikono kwa maji na sabuni, na kukausha muzuri. Mutu aliyetoka kumenya embe ao ndizi, sukari ya tunda inabaki kwenye kidole, na mashini inaihesabu kama sukari ya damu. Unaweza kukuta 250 kwa mutu mwenye 140. Namba ikishangaza, nawisha mikono, pima tena kwenye kidole kingine mbele ya kufanya kitu chochote. Lakini kama mutu anatoka jasho na anatetemeka, usipoteze wakati. Hilo tutalieleza chini.

Toboa upande wa kidole, si katikati ya nyama yake ambapo inauma zaidi. Usikamue kwa nguvu. Kasindano ni ka mutu mumoja, hakaazimwi kwa jirani hata kama mashini inaazimwa. Bandeleti zinabaki ndani ya chupa yake iliyofungwa, mbali na mbabula na mbali na dirisha lenye jua. Joto na unyevu vinaziharibu hata kama tarehe ya kuisha haijafika. Andika juu ya chupa siku uliyoifungua, na usome kwenye karto zinadumu muda gani kisha kufunguliwa.

Muzee anayemeza vidonge, asiyepiga sindano ya insuline, kwa kawaida halazimiki kutobolewa kila siku. Familia ile ilipanga bandeleti 4 kwa wiki: moja asubuhi mbele ya kula, moja mangaribi mbele ya kula, moja saa mbili kisha kula bukari, na moja ya akiba kwa siku ambayo Kambo atajisikia vibaya. Karto ya bandeleti 50 inawafikisha karibu wiki 12. Mwenye insuline, huyo anafuata mupango wake aliopewa na munganga.

Na hapa kuna mupaka wa kujua: mutu mwenye damu kidogo sana, kwa mufano kisha malaria kali, mashini ya sukari inaweza kuonyesha namba kubwa kuliko ile ya kweli. Kwa mutu kama huyo, jibu la laboratware ndilo la kuamini.

Kaye yenyewe

Walinunua kaye ya mistari, wakachora kwa rejeli. Hizi ni siku nne za kwanza, tumezinakili kama zilivyo, ila maneno machache tumeyafupisha.

| Tarehe | Saa | Tansio 1 | Tansio 2 | Moyo | Sukari | Maelezo | Nani alipima |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 7/10 | 06:15 | 168/88 | 161/86 | 84 | – | Mara ya kwanza, aliogopa mashini | Mujukuu |
| 7/10 | 18:40 | 158/84 | 154/82 | 80 | – | Wageni walikuwa wanaongea | Mukamwana |
| 8/10 | 06:20 | 148/82 | 144/80 | 76 | 131 | Hajala, hajameza dawa | Mujukuu |
| 8/10 | 18:30 | 146/80 | 142/78 | 78 | – | Alikula bukari na sombe muchana | Mukamwana |
| 9/10 | 06:10 | 150/84 | 146/82 | 74 | – | Alilala vibaya | Mujukuu |
| 9/10 | 18:45 | 140/78 | 138/76 | 80 | 118 | Alikataa bukari, chai tu. Dawa zote alimeza | Mukamwana |
| 10/10 | 04:50 | 132/70 | – | 98 | 58 | Jasho, anatetemeka, maneno yanachanganyika. Maji ya sukari vijiko 4 | Mutoto |
| 10/10 | 05:10 | – | – | – | 96 | Anaongea sawa. Amekula mukate na uji | Mutoto |
| 10/10 | 06:50 | 146/80 | 142/78 | 78 | – | Tunaenda santre ya afya | Mutoto |
| 10/10 | 18:30 | 144/80 | 140/78 | 76 | – | Amekula muzuri | Mukamwana |

Sanduku la maelezo ndilo linafanya namba ziongee. Hapo unaandika chakula kilichokosa, dawa iliyosahauliwa ao iliyoisha, kizunguzungu, kuanguka, homa, kuhara, dawa za kienyeji, na dawa mupya kutoka farmasi. Usiandike "yuko muzuri" kila siku. Kama hakuna kitu, weka kamustari. Sanduku la mwisho, la jina, liko kwa ajili ya swali moja: munganga akiuliza "siku ile alikuwaje?", ajulikane nani wa kumujibu. Kwenye nyumba ambamo mutu mumoja anaingia posti wakati mwingine anatoka, sanduku hilo ni la lazima.

Na usipange namba. Mujukuu alitukubalia kwamba kwenye karatasi ya zamani, 163 ilikuwa inaandikwa 160, na wakati mwingine alikuwa anapima mara tatu ili aandike ile iliyo ndogo. "Sikutaka Kambo asikitike," alisema. Lakini munganga anatoa dawa kufatana na namba, na namba iliyopambwa inatoa dawa isiyofaa.

Kusoma kaye: hesabu moja na tukio moja

Tuanze na tansio. Siku ya kwanza haihesabiwi, juu ya woga na kutozoea. Namba ya 04:50 pia haihesabiwi, juu mugonjwa alikuwa kwenye hali isiyo ya kawaida. Zinabaki siku tatu, asubuhi na mangaribi, mara mbili kila wakati: namba 12. Ukijumulisha SYS zote unapata 1726. Gawanya kwa 12, unapata 144. Ukijumulisha DIA unapata 956. Gawanya kwa 12, unapata 80. Tansio ya Kambo nyumbani ni 144/80.

Nyumbani, katikati ya namba inapofika 135/85 ao zaidi, inahesabiwa kuwa tansio ya juu. Kwenye kabine ya munganga mupaka ni 140/90, kwa sababu watu wengi wanapanda wakiona kanzu nyeupe. Kwa hiyo 144/80 bado iko juu kidogo kwa namba ya kwanza, lakini haiko kama ile 17/9 iliyokutwa kwenye konsilta, ambayo ilikuwa karibu kumuongezea Kambo dawa ya pili. Siku tatu hazitoshi kwa uamuzi mukubwa. Zikiweza kuwa saba ni vizuri zaidi. Munganga alisema wasiongeze kwanza kitu, wamalize wiki, halafu warudi.

Aliomba pia kitu kimoja zaidi, juu Kambo alikuwa anasikia kizunguzungu akiamuka kutoka kwenye kitanda. Mara moja kwa wiki, wapime akiwa amekaa, halafu asimame huku mutu amemushika, wapime kisha dakika 1 na kisha dakika 3. Namba ya SYS ikishuka 20 ao zaidi, ao DIA ikishuka 10 ao zaidi, iandikwe kwenye maelezo "kusimama". Muzee anayeshuka namna hiyo anaweza kuanguka usiku na kuvunjika kiuno, na kumuongezea dawa ya tansio bila kujua hilo ni kumusukuma chini.

Sasa tukio la alfajiri ya tarehe 10. Bila kaye, kila mutu nyumbani angelitoa jina lake. Jasho na kutetemeka? Malaria. Maneno kuchanganyika? Tansio imepanda kichwani. Hapa Lualaba tumeona wazee wengi wakipelekwa kwa jina la malaria wakati sukari ndiyo ilikuwa imeshuka. Lakini soma mistari miwili pamoja: mangaribi ya tarehe 9, alikataa bukari, akameza dawa zote, kisha saa kumi hivi, 58. Chini ya 70, sukari inahesabiwa kuwa imeshuka.

Kati ya dawa zake kulikuwa glibenklamide, asubuhi na mangaribi. Dawa hii inasukuma kongosho kutoa insuline hata kama tumbo ni tupu. Inakaa mwilini muda murefu, na zaidi kwa muzee ambaye figo zake zimechoka. Metiformine peke yake haifanyi hivyo kwa kawaida, glibenklamide inafanya. Mukamwana alisema: "Miye nilikuwa ninafikiri kama hakula, njo vizuri zaidi ameze dawa, juu sukari isipande." Ni fikira ya watu wengi, na ndiyo iliyokaribia kumuua Kambo.

Munganga alipoona mistari ile, aliondoa glibenklamide ya mangaribi, akaomba damu ya kupima figo, akasema namba za asubuhi za 130 ao 140 kwa mama wa umri huo hazimuogopeshi. 58 njo inamuogopesha. Usiige badiliko hilo kwa muzee wako. Kila mugonjwa na dawa zake. Lakini swali unaweza kulipeleka: "Dawa hii, siku asipokula, tufanye namna gani?" Jibu liandikwe juu ya ukurasa, karibu na orodha ya dawa.

Wakati wa kufunga kaye na kutoka mbio

Sukari chini ya 70, ao jasho na kutetemeka wakati huna bandeleti: kama mutu anaweza kumeza, mupe vijiko 3 ao 4 vidogo vya sukari ndani ya maji, ngoja dakika 15, pima tena. Ikibaki chini ya 70, rudilia. Ikipanda, mupe chakula cha kweli. Kama anameza glibenklamide, mupeleke kwa munganga siku ileile hata kama amepata nafuu, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena kisha masaa mengi. Kama amezimia, usimutie kitu chochote kinywani. Mulalishe kwa ubavu, mupeleke hopitali. Ekra ikiandika LO, maana yake sukari iko chini kuliko mashini inaweza kuhesabu. Haiko kosa la mashini.

Tansio ikifika 180/120 ao zaidi: mukalishe, ngoja dakika 5, pima tena. Kama inabaki hivyo na kifua kinauma, pumzi inakatika, macho hayaoni vizuri, ao kichwa kinamuuma kwa namna asiyoijua, ni hopitali mara moja. Kama hana dalili yoyote, usimurundikie vidonge ili namba ishuke haraka. Kuishusha kwa gafla kunaweza kuharibu ubongo. Mupeleke aonekane siku ileile.

Kinywa kikipinda, mukono mumoja ukilegea, ao maneno yakikataa kutoka, usingoje namba. Pima sukari kama mashini iko karibu, kwa sababu sukari ya chini inaweza kuiga hali hiyo, lakini usafiri usisimame. Na katika kaye andika saa moja tu: saa ya mwisho ambayo mutu alimuona akiwa muzima. Hopitali wataiuliza kwanza.

Sukari ikipita 300 pamoja na kiu nyingi, mukojo mwingi, kutapika ao usingizi usio wa kawaida, hiyo pia haingoji kesho.

Siku ya konsilta

Beba kaye yote, si picha ya ukurasa mumoja. Beba vidonge ndani ya karto zao, na vile vya kienyeji pia. Beba mashini ya tansio, uombe ipimwe pamoja na ile ya santre, kwenye mukono uleule. Zikiachana sana, namba zako zote zinahitaji kuangaliwa upya. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka, na kila wakati mashini imeanguka chini.

Karatasi ya zamani bado iko nyuma ya mulango wa familia ile. Mujukuu alikataa waitoe. Chini ya ile 7.1 ameandika kwa biki nyekundu: "mmol/L = 128". Na kwenye kaye, mustari wa mwisho tuliosoma ulikuwa wa asubuhi ile ile tuliyowatembelea: 06:25, 138/78, 136/76, moyo 72, sukari 137, na kwa maelezo: "Kambo anauliza kama leo atakula mihogo."